Mfumo Haujawahi Kuchelewa, Unachelewa Wewe

Mimi sina ugomvi na faini. Ukichelewa, lipa. Ugomvi wangu ni na mtu anayefunga mlango, anakaa na ufunguo mfukoni, halafu asubuhi anakuuliza ulikuwa wapi wenzako wanaingia.

Chuoni kwetu (sikitaji, bado nina mitihani pale) usajili wa muhula unafanyika kwenye mfumo. Unaingia, unaomba kontrol namba, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, unalipa kwa simu au kwa wakala, halafu unasubiri. Hela inatoka kwenye mtandao wa simu, inapita kwenye mfumo wa malipo wa serikali, ndipo inaonekana chuoni. Ikionekana, ukurasa wa kozi unafunguka, unachagua kozi zako, unabonyeza `Submit`, umesajiliwa. Tangazo lenyewe ukilisoma ubaoni unaona kazi ya robo saa. Aliyeliandika hajawahi kuwa mwanafunzi wa kusubiri bumu, hela ya mkopo.

Maana bumu likichelewa, wote tunachelewa. Nyumbani baba anatafuta wa kununua mahindi, huku mwenye geto anataka kodi. Kwa hiyo chuo kizima kinapata hela wiki moja, na chuo kizima kinaingia kwenye mfumo Ijumaa ya mwisho, usiku, kwa sababu mchana kuna vipindi na bando la usiku ni rahisi. Hilo analijua hata mama ntilie wa getini, ambaye siku hiyo anaongeza sufuria. Mfumo ndio haujui. Kila muhula unashangaa upya.

Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe 8 Novemba 2024, mwisho saa 6 usiku. Hela niliilipa Alhamisi mchana na ujumbe wa muamala ninao. Ijumaa jioni mfumo bado unasema ninadaiwa. Usiku deni likafutika, nikafurahi, nikatoka nje kidogo kupunga upepo, kurudi umeshanitoa. Nikaweka pasiwedi. Ukaniambia `Invalid username or password`.

Huo ujumbe ndio unaoniuma kuliko yote, kwa sababu unakusingizia. Unakuambia wewe ndiye mjinga, umesahau pasiwedi yako. Unaanza kujitilia shaka, unajaribu jina la mama, unajaribu timu yako, mwishowe mfumo unakufungia akaunti kwa kukosea mara nyingi, na sasa kweli una kosa. Lakini mifumo mingine, ikishindwa kulifikia ghala lake la majina na pasiwedi, hutoa ujumbe huohuo, maana aliyeitengeneza hakuiwekea maneno ya kukiri. Mwenzangu wa geto, ambaye anasoma mambo ya kompyuta na hulala na chaja kifuani, akanishika mkono. "Usibahatishe. Pale kwenye tovuti ya masomo si unatumia pasiwedi hiihii? Ingia kule." Nikaingia, ikafunguka mara moja. "Piga picha hiyo, na hii ya hapa inayokukataa, saa ile ile." Picha mbili, pasiwedi moja, dakika moja. Mlango mmoja umeifungulia, mwingine umeikataa. Hapo hakuna wa kuniambia nimesahau.

Baadaye ukaniruhusu kuingia. Nikachagua kozi, nikabonyeza, kile kiduara kikazunguka dakika nzima, kisha ukurasa mweupe: `504 Gateway Timeout`. Nikaanza kulilaumu bando. Jamaa akacheka. Ingekuwa bando, akasema, kivinjari chenyewe ndicho kingelalamika, kingeandika kitu kama `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`, na hata tovuti za magazeti zisingefunguka. Hiyo 504 imetoka kwao: mashine ya mbele imepokea ombi lako, imelipeleka ndani, ndani hawajajibu mpaka imechoka kusubiri. Kwa hiyo ujumbe wenyewe ni ushahidi kwamba ulifika. Nikaufungua ukurasa wa gazeti pembeni, nikapiga na hiyo. Nikahakikisha kila picha inaonyesha anwani yote ya juu, jina langu kama lipo, na saa ya simu. Watu wengi wanapiga picha ya maneno ya kosa tu, yamekatwa pande zote, hujui ni ya chuo gani wala ya mwaka gani.

Saa 6 ikapita. Ukurasa ukafunguka vizuri, mwepesi kabisa, haujawahi kuwa mwepesi hivyo: `Registration is closed`. Na chini yake deni jipya, faini ya kuchelewa, 50,000. Kuniandikisha ulishindwa. Kunidai haukushindwa hata sekunde moja.

Ila kabla ya saa 6 nilikuwa nimetuma baruapepe kwa kitengo cha Tehama, na hapa ndipo wenzangu walinicheka. "Nani anasoma baruapepe usiku huu?" Hakuna. Sikuituma isomwe, niliituma ipigwe muhuri wa saa na mashine yao wenyewe. Niliandika mistari minne: namba ya usajili, nilichokuwa nafanya, ujumbe niliouona neno kwa neno, na saa. Nikaambatisha picha. Dakika hiyohiyo likaja jibu la mashine lenye namba ya tatizo. Hiyo namba niliiandika mkononi kwa kalamu.

Jumatatu tukajaa kwenye korido. Dada wa dirishani alikuwa na jibu moja kwa wote, hata kabla hujamaliza shikamoo: "Kila mtu anasema mfumo ulisumbua." Sasa dada yangu, kama kila mtu anasema, si ndiyo maana ulisumbua? Sikumwambia. Nina mitihani.

Jamaa mmoja mbele yangu akatoa picha zake kwa majivuno. Dada akaangalia jina la faili, akamrudishia simu. "Hii ya Jumamosi, ulishachelewa." Maskini, picha aliipiga Ijumaa saa 5 usiku, ila aliituma kwenye kundi la darasa kupitia Wasapu baada ya saa 6, akaifuta kwenye simu yake kuokoa nafasi, akaja na ile ya kwenye kundi. Wasapu huwa inaibatiza picha upya. Ile ya simu yake mwanzo iliitwa hivi, na ya kwenye kundi ikawa hivi:

```
Screenshot_20241108-230538.png
IMG-20241109-WA0007.jpg
```

Jina la kwanza lina tarehe na saa mpaka sekunde. La pili limebaki na tarehe ya kutumwa tu. Picha ni ileile, lakini imezaliwa upya Jumamosi. Ndiyo maana zangu nilizituma kwa baruapepe zikiwa faili halisi na sikuzifuta. Simu ilikuwa inalia haina nafasi, nikafuta video za harusi ya binamu. Binamu asamehe, ndoa ipo hata bila video.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Kwa Msajili, kupitia kwa Mkuu wa Idara, Yah: ombi la kufutiwa faini ya kuchelewa kujisajili. Sikulia ndani ya barua. Kuna mwenzetu aliandika habari za bibi yake mgonjwa kurasa mbili, ya kosa la mfumo mstari mmoja. Akapewa pole, faini akabaki nayo. Mimi nilianza na malipo: nimelipa Alhamisi, kontrol namba hii, kumbukumbu ya muamala hii. Maana swali lao la kwanza ni kama ungeweza kujisajili hata mfumo ungekuwa mzima. Kama ulikuwa hujalipa, hata uje na picha mia, kilichokuzuia ni hela. Kisha nikapanga makosa kwa saa, na kila saa na picha yake. Nikapeleka nakala mbili masjala, moja wakabaki nayo, nyingine wakanigongea muhuri wa kupokelewa. Bila huo muhuri barua inaweza kwenda likizo isirudi.

Baada ya siku kadhaa nikaitwa. Afisa usajili, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba, ameletewa karatasi za kumbukumbu za mashine kutoka Tehama. "Kijana wangu, unasema saa 23:47. Hapa saa 23:47 haupo. Wala mtu hayupo. Mashine ilikuwa shwari kabisa."

Nikahisi miguu inayeyuka. Nikamwambia, mzee, shikamoo tena, naomba tumwite aliyezitoa. Akaja kijana wa Tehama, akaangalia kidogo tu, akaweka kidole juu zaidi:

```
[08/Nov/2024:20:47:09 +0000] "POST /registration/submit HTTP/1.1" 504
```

"Mzee, mashine inahesabu kwa saa za Griniwichi. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza tatu kwenye 20:47." Mzee akahesabu kwa vidole. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Akanitazama. "Lakini kwenye barua umeandika saa 5:47 usiku." Ndiyo mzee, saa 5:47 usiku, ambayo kwenye simu ni 23:47, ambayo kwenye mashine ni 20:47. Tukio moja, saa tatu tofauti, na hakuna hata moja inayosema uongo. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema wanafunzi wa siku hizi tunapenda kuchanganya mambo.

Lakini ile `+0000` ilikuwa pale, na sekunde zilikaribiana na za picha yangu, 09 kwa 12. Kijana wa Tehama akaongeza kwamba kuanzia saa 5 mpaka karibu na saa 6 ni 504 mfululizo, za watu chungu nzima. Mzee akaandika pembeni ya barua: "Faini ifutwe. Mhasibu atekeleze." Akasaini. Nilitamani kumkumbatia, nikaishia kusema asante mara nyingi kuliko inavyopendeza.

Sasa mtu akikuambia faini imefutwa, unadhani imefutwa. Imefutwa kwenye karatasi. Kwenye mfumo iko palepale inang'aa, na mfumo hausomi karatasi. Hadi mhasibu aingie mwenyewe na kuliondoa deni, utaendelea kudaiwa 50,000, na siku ya kuchapisha kibali cha mtihani utakataliwa. Kuna waliopewa saini kama yangu wakaenda kulala. Wameshtuka wiki ya mitihani.

Nikaenda uhasibu na barua yangu. Mhasibu akaisoma, akakubali, akavuta kompyuta, akaandika pasiwedi. Akaandika tena, safari hii kwa kidole kimoja, taratibu. Akaigeuza kibodi kuangalia kama imechafuka.

"Inasema pasiwedi si sahihi," akasema, sauti imeshuka. "Na mimi sijaibadilisha."

"Mzee," nikamwambia, "usijaribu tena, itakufungia. Piga picha kwanza. Na anwani ya juu ionekane."

Akatoa simu.