Mgeni anachechemea, mpagazi hana habari

"Kama kesho yake huumwi, basi hukufanya zoezi."

Wanaosema hivi jimu hawajakosea chote. Misuli huuma hasa inapobeba uzito huku ikirefuka, kama unapochuchumaa na chuma mabegani au unapoteremka mlima, na mvutano wa namna hiyo huamsha sana ujenzi wa misuli. Anayeumwa, basi, mara nyingi amefanya kazi kweli. Tena kazi ngeni, na ugeni huo ndio unaosahaulika.

Tazama Kilimanjaro. Mtalii anatoka Uhuru, mita 5,895, na ndani ya siku mbili yuko lango la Mweka, kwenye mita 1,640 hivi. Kila hatua ya mteremko huo, misuli ya mbele ya paja inarefuka huku ikimzuia asiporomoke. Asubuhi yake anashuka ngazi za hoteli kinyumenyume, mkono ukutani. Mpagazi aliyemshushia begi kutoka kambi ya Barafu anadandia daladala bila shida. Kwa kipimo cha jimu, mtalii ndiye aliyevuna.

Wengi husingizia asidi ya laktiki, lakini hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili, na maumivu haya hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Chanzo chake ni michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli na kwenye utando unaozifunika. Mwili unaishughulikia, na neva za pale zinakuwa nyepesi kuhisi. Rudia zoezi lilelile wiki ijayo, utaumwa kidogo sana. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, na misuli inaendelea kukua kimyakimya.

Kuna utafiti mmoja wa Brazili, wa 2016, ambao kila nikiusoma unanifikirisha. Vijana wasiozoea vyuma walifuatiliwa wiki 10. Baada ya zoezi la kwanza michubuko ilikuwa mingi kuliko wakati wowote, na utengenezaji wa protini ya misuli ulikuwa juu kabisa. Hata hivyo haukuashiria nani angenenepa misuli mwishoni. Ule wa wiki ya 3, michubuko ikiwa imepungua, ndio ulioashiria. Yaani wiki ile ya machozi mafundi walikuwa wanaziba nyufa. Ukuta ulikuja kupanda baadaye.

Kwa hiyo mimi naamini daftari. Mwezi jana ulichuchumaa na kilo 40 mara 8, leo mara 11 kwa mtindo uleule: umepata nguvu, hata kama hukuumwa. (Kwa mgeni, sehemu kubwa ya nguvu za wiki za mwanzo ni neva kujifunza kuamrisha misuli.) Na anayeyasaka maumivu kwa makusudi aangalie mkojo wake. Ukigeuka rangi ya chai ya rangi, huku misuli imevimba na kulegea, misuli inavunjika na kumwagikia kwenye damu, na figo ziko hatarini. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.