Slaidi hazigeuki andiko kwa kuunganishwa

Kikundi cha wakulima wa mwani kutoka pwani ya mashariki ya Unguja kiliniletea flashi yenye slaidi 14. Walikuwa wameshasimama mbele ya jopo la mfadhili kwa dakika 20, wakasikilizwa vizuri, wakaambiwa sasa walete maombi ya maandishi, na sehemu ya maelezo ya mradi isizidi kurasa nne. Katibu wao alikuwa ameshaianza kazi. Alichukua slaidi moja moja, akaondoa vidoti, akaunganisha maneno kwa mkato na nukta. Zikapatikana kurasa tatu na nusu. Nilizisoma mara mbili, na bado sikujua kwa nini kikundi kinaomba boti.

Boti ndiyo ilikuwa roho ya mradi. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo walio wengi shambani ni wanawake. Huchomeka vigingi mchangani, hufunga kamba, hufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, na hufanya kazi bamvua linapotoa maji mbali. Aina mbili zinajulikana: spinosamu, ambayo ni ngumu kufa lakini bei yake ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri lakini haivumilii joto. Maji yakitoka, yale machache yanayobaki juu ya shamba hupata moto kwa jua. Kotonii hulainika, huwa nyeupe na kukatika. Dawa waliyoichagua wanakikundi ni kuihamishia kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Kule mtu hafiki kwa miguu. Ndiyo maana ya boti.

Mbele ya jopo, haya yote yalisemwa. Katibu aliyasimulia akiwa amesimama kando ya picha ya mkono ulioshika mwani mweupe. Lakini kwenye slaidi yenyewe palikuwa na picha tu, na slaidi ya nne kutoka hapo ikasema: "Vifaa: boti 1, nyavu, kamba." Aliyeunganisha picha na boti ni yeye, kwa mdomo wake, na mdomo huo hauingii kwenye bahasha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayeandika sehemu ya maelezo asianze na slaidi. Aanze na yale yaliyosemwa kati ya slaidi moja na nyingine. Nilimwomba katibu afunge kompyuta, anisimulie upya kama alivyolisimulia jopo, simu ikirekodi. Kisha tukayaandika maneno yake kama yalivyotoka. Tulipoyaweka kando ya slaidi, tofauti ilionekana mara moja. Usimulizi wake ulijaa "kwa sababu", "ndiyo maana", "tukaona kwamba". Katika slaidi zote 14 hapakuwa na "kwa sababu" hata moja. Slaidi hutaja vitu, haisemi kipi kimezaa kipi. Msomaji wa maombi anatoa alama kwa kuangalia hilo hasa, naye yuko peke yake na karatasi, hana wa kumuuliza.

Tazama slaidi ya tatizo. Ilikuwa na mistari mitatu: mabadiliko ya tabianchi, kufa kwa kotonii, kushuka kwa kipato. Katibu aliigeuza hivi: "Tatizo ni mabadiliko ya tabianchi, kufa kwa kotonii na kushuka kwa kipato." Kisarufi haina kosa, lakini msomaji haoni chochote. Kutoka kwenye rekodi tulipata hii:

"Shamba letu liko kwenye maji mafupi. Bamvua likitoa maji wakati wa kiangazi, yanayobaki hupata joto ambalo kotonii haiwezi kulistahimili. Hulainika na kukatika kabla ya kuvunwa. Kwa sababu hiyo wanachama wengi wamerudi kulima spinosamu peke yake, ambayo wanunuzi huilipia bei ndogo zaidi."

Tabianchi haikutajwa, na haikuhitajika pale. Tuliipa sentensi moja baadaye, kwenye sehemu ambayo fomu iliiuliza.

Kitu cha pili nilichomwomba ni maswali ya jopo, na hapa ndipo nilipofurahi kuliko kote. Mjumbe mmoja alikuwa ameuliza: "Wanachama wangapi wanajua kuogelea?" Katibu alijibu papo hapo kwamba ni wachache, kwamba wameshazungumza na vijana wa kijijini wawafundishe, na kwamba hakuna atakayepanda boti bila jaketi la kujiokolea. Jibu zuri kabisa. Halikuwemo kwenye slaidi, kwa kuwa swali lilikuja baada ya slaidi kwisha, na hivyo halikuwemo kwenye zile kurasa tatu na nusu. Wala halikuwemo kwenye bajeti. Wanawake ambao miaka yote wamelima wakiwa wamesimama kwenye maji ya magoti wanapelekwa kwenye kina, na andiko liko kimya. Nadhani msomaji makini angelikataa kwa hilo peke yake, na angekuwa na haki. Tukaandika aya nzima: nani atafundisha, kwa majuma mangapi kabla ya nyavu kuwekwa, na jaketi ngapi zitanunuliwa. Tangu siku ile, maswali ya jopo nayachukulia kuwa aya zilizokosekana.

Mpangilio nao ulibidi ubomolewe. Mbele ya watu, waliweka picha nzuri ya wanachama mwishoni ili waache joto ukumbini. Fomu haikuacha nafasi ya hilo; ilitaka kwanza walengwa, kisha tatizo, kisha shughuli, na kila sehemu ilikuwa na alama zake. Tukafuata vichwa vya fomu kwa maneno yale yale ya fomu.

Slaidi ya shughuli ilituchelewesha. "Mafunzo kwa wanakikundi. Ununuzi wa vifaa. Uwekaji wa nyavu." Maneno ya namna hii hayana mtenda. Ukiyageuza kuwa vitenzi, Kiswahili chenyewe kinakulazimisha useme nani: ata-, wata-, tuta-. Tulipofika "watashona nyavu" nikauliza, kina nani? Ikadhihirika kwamba slaidi ya kwanza ilisema wanachama 40, ilhali bajeti ilihesabu posho za mafunzo za watu 36. Wanne walikuwa wameshahama kikundi. Ukumbini hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu slaidi ya kwanza ilikuwa imeshapita. Kwenye karatasi, ukurasa wa kwanza na wa nne vinakaa mezani pamoja.

Aya ya uendelevu ilikuwa ya mwisho, na sikuweza kumsaidia kuiandika. Slaidi ilisema "Kikundi kitajitegemea." Nikamuuliza: wavu ukichanika mwaka wa pili, fedha ya kuushona inatoka wapi? Alinyamaza. Hata mbele ya jopo hakuwa amelisema, maana halikuwa limeamuliwa. Tukaliacha pengo jeupe kwenye ukurasa, akarudi kijijini kuitisha kikao.

Kikao kilichukua mchana mzima, maji yakiwa yamejaa na shambani hakuendeki. Wapo waliotaka kila mwanachama achange sawa, wengine wakasema atoe zaidi anayevuna zaidi. Mwishowe walikubaliana kwamba katika kila mauzo ya kotonii, kabla ya kugawana, sehemu moja kati ya kumi iwekwe kando, na mweka hazina asome daftari mbele ya wote kila bamvua. Katibu alinitumia maneno hayo kwa simu, kwa sauti. Niliyaandika kama alivyoyasema, yakawa mistari mitano, na pengo likajaa.