"45" ya WhatsApp bado si mshahara

Tuseme hadiwea moja ya Nakuru inatafuta mtunza stoo. Mahojiano yamekwisha, mtu amepatikana, na mnamo Mei 2025 mwenye duka anamwandikia kwenye WhatsApp: "Sawa basi, tumekuchukua. 45 kwa sasa, tutaangalia baada ya miezi mitatu. Uanze mwanzo wa mwezi. Jumamosi tunafunga mapema. Usisahau zile karatasi." Jibu linarudi: "Asante sana bosi, Mungu akubariki." Kila mmoja analala akiamini wameelewana.

Mimi nasema hawajaelewana hata kidogo, na barua ya ofa iko kwa ajili ya kufichua hilo kabla huyo kijana hajaaga kazi yake ya sasa kule Kisumu. Kuchukua barua ya mwaka jana na kubadilisha jina hakusaidii. Chukua ujumbe wenyewe, sentensi kwa sentensi, na kila mahali uulize: je, watu wawili wanaweza kuisoma hii kwa njia mbili?

Tuanze na pesa, kwa sababu hapo ndipo kuna vita. Mwenye duka akisema 45 anamaanisha shilingi 45,000 kabla ya makato. Mtunza stoo anasikia 45,000 mkononi. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF inachukua asilimia 6, yaani 2,700. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,237.50. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 675. Hayo matatu hutolewa kwanza, kisha PAYE inahesabiwa kwa kinachobaki, na baada ya nafuu ya 2,400 kodi inakuwa kama 4,500. Mkononi zinabaki 35,888 hivi. Wawili hawa wameachana kwa zaidi ya shilingi 9,000 kila mwezi na hakuna aliyedanganya. Kama kweli ahadi ilikuwa 45,000 mkononi, mshahara kabla ya makato ungepaswa kuwa karibu 59,500, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Kwa hiyo mpigie simu kwanza. Barua inayomshtua mtu kwa mshahara ni barua iliyotumwa mapema mno. Mkishakubaliana, andika "mshahara wa jumla wa shilingi 45,000 kwa mwezi kabla ya makato ya kisheria", utaje utalipwa tarehe gani na kwa njia gani.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe makao au alipe pesa ya kodi ya nyumba juu ya mshahara, isipokuwa kama mkataba umeshaijumlisha ndani. Ukiandika "45,000" bila kusema lolote, siku ya kuachana anaweza kudai posho ya nyumba ambayo hakulipwa. Afadhali uigawe waziwazi: mshahara wa msingi 39,130 na posho ya nyumba 5,870. Hiyo posho ni takriban asilimia 15 ya msingi, kiwango kinachotumika sana katika madai ya aina hii. Jumla haibadiliki, ila mlango umefungwa.

"Mwanzo wa mwezi" nayo inaonekana haina neno. Tarehe 1 Juni 2025 ni Jumapili, tena ni Madaraka, kwa hiyo mapumziko yanasogea hadi Jumatatu. Siku ya kwanza ya kazi ni Jumanne tarehe 3. Lakini mtunza stoo analipwa kwa mwezi huko aliko, na sheria inamtaka atoe notisi ya siku 28, kama mkataba wake hautaki ndefu zaidi. Akiipata barua na kutoa notisi tarehe 12 Mei, siku hizo zinaisha tarehe 9 Juni. Tarehe halisi ya kuanza basi ni Jumanne, 10 Juni 2025, na ndiyo inayoandikwa, pamoja na jina la siku ili kosa la tarakimu lionekane mara moja. Ongeza sentensi moja kuhusu mshahara wa mwezi huo: siku 21 kati ya 30, yaani 31,500. Bila sentensi hiyo, malumbano ya kwanza yatazuka mwisho wa Juni.

"Tutaangalia baada ya miezi mitatu" ndiyo sentensi mbaya kuliko zote, maana imebeba mambo mawili. Mwajiri anafikiria kipindi cha majaribio, mfanyakazi anafikiria nyongeza. Yatenganishe. Kwanza: "Kipindi cha majaribio ni miezi mitatu kuanzia tarehe ya kuanza kazi." Sheria inaruhusu hadi miezi sita, na kukirefusha kunahitaji ridhaa ya mfanyakazi, jumla isizidi mwaka mmoja. Notisi ndani ya kipindi hicho ni isiyopungua siku saba. Kisha, katika aya yake peke yake, ama taja kiasi cha nyongeza, ama andika kwamba mshahara utajadiliwa mwezi wa Septemba na kwamba mjadala huo si ahadi. Neno "tutaangalia" likibaki kwenye barua, hakuna kilichoandikwa.

Jumamosi ni rahisi: saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, na siku nyingine hadi saa 11 jioni, saa moja ikiwa ya chakula. Hiyo ni saa 45 kwa wiki. Andika tu.

Zile karatasi zinahitaji uangalifu zaidi. Tangu marekebisho ya 2022, mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti kama cha tabia njema kabla hajakusudia kumpa mkataba wa maandishi. Ofa hutangulia, cheti hufuata. Sharti zuri lina mambo matatu: karatasi ipi, kufikia lini, na isipofika itakuwaje. Kwa kuwa cheti cha tabia njema huweza kuchelewa, ni haki kuomba risiti ya maombi kabla ya tarehe 10 Juni na cheti chenyewe kabla ya tarehe 10 Julai, kisha useme wazi kwamba ofa inaweza kuondolewa kisipopatikana au kikionyesha jambo linalogusa kazi ya stoo. "Kwa kuridhisha mwajiri" peke yake ni sharti la mtu anayetaka kujiachia mwanya.

Wengine humalizia kwa kuandika kwamba barua inachukua nafasi ya mazungumzo yote ya awali. Ni sentensi nzuri, lakini muulize kwanza: "Kuna kitu tulisema ambacho hakimo humu?" Pengine alishaahidiwa nauli ya bodaboda usiku wa kuhesabu mali. Wala usifute zile meseji. Kesi ikifika Mahakama ya Ajira na mwajiri ashindwe kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake.

Weka tarehe ya mwisho ya kukubali, siku tano za kazi zinatosha, na nafasi mbili za sahihi. Nakala moja abaki nayo yeye. Na mwambie asipeleke notisi yake Kisumu mpaka awe na barua yenye sahihi ya mwenye duka mkononi.