Alif Lam Mim si "Alam", na Yasini si "Y. S."

Tulikuwa kwenye hitima kule Pumwani. Vijitabu vikagawiwa, vile vyembamba vyenye Yasini, aya za mwanzo za Al-Baqara na dua, vyote kwa herufi za Kirumi. Kando yangu alikaa kijana aliyesilimu si zamani sana. Zamu ya Al-Baqara ilipofika akasoma kwa sauti, kwa adabu zake zote: "Alam. Dhalikal kitabu la rayba fih." Maalim akainua macho, akayashusha. Mzee mmoja akaguna. Nikachungulia kijitabu, na kweli, imeandikwa ALAM, herufi kubwa, nukta mbele yake. Kijana amesoma kilichoandikwa. Aliyekiandika ndiye hakuwepo pale kugunwa.

Nimekasirika tangu siku ile, basi nivumilieni.

Mwenye msahafu wa Kiarabu anajua chanzo cha kosa hili. Ukiziondoa alama zote za usomaji, mwanzo wa Al-Baqara na mwanzo wa Suratul Fil hubaki na umbo moja: alifu, lamu, mimu, zimeshikana. Kwenye Al-Fil ni "Alam tara", yaani "Je, hukuona", na Alam Nashrah vivyo hivyo. Kwenye Al-Baqara ni Alif Lam Mim, herufi tatu zinazotajwa kwa majina yake moja moja. Msahafu wenyewe umeweka ulinzi. Katika ile "Alam" ya kuuliza, alifu ina hamza na fataha, lamu ina fataha, mimu ina sukuni. Katika Alif Lam Mim hakuna fataha wala sukuni, bali juu ya lamu na mimu kuna ile alama ya madda, kimstari cha mawimbi kinachomwambia msomaji avute. Aliyeandaa kijitabu, ama aliyemwandalia, alichukua maandishi yasiyo na alama akayageuza kama neno la kawaida. Na kama una shaka kwamba hatari ni kubwa, fungua Al-Baqara hiyo hiyo, aya ya 243. Inaanza na "Alam tara". Katika sura moja kuna Alif Lam Mim na kuna Alam, na kwa kijitabu hiki zote zinaandikwa vile vile.

Matokeo yake si matamshi mabaya tu. "Alam" ni swali lililokatwa. Msomaji anauliza "Je, haku...?" kisha anaweka nukta na kuendelea na "Hicho ni Kitabu kisicho na shaka". Aya nzima ya kwanza imetoweka, na badala yake kuna kipande cha sentensi ambacho hakimo katika sura ile mahali pale.

Sasa wapo watakaoniambia, wewe unapigania nini wakati maana yake hata wanazuoni hawaijui? Ndiyo sababu hasa. Neno ambalo maana yake unaijua, ukilikosea matamshi kidogo, msikilizaji analirekebisha kichwani. Hapa hakuna cha kurekebishia. Kilichotufikia kwa yakini ni matamshi: majina ya herufi, kwa mpangilio huu, yakisomwa hivi. Na matamshi hayo si ya kubahatisha. Tirmidhi amepokea kwa Abdullah bin Mas'ud Hadithi ambayo kila mtoto wa chuo ameisikia, ya kwamba anayesoma herufi moja ya Kitabu cha Allah ana jema moja, na jema hulipwa mara kumi. Kisha Mtume, sala na amani zimshukie, akafafanua kwamba hasemi Alif Lam Mim ni herufi moja, bali alif ni herufi, lam ni herufi na mim ni herufi. Tazama alivyozitaja, kwa majina. Anayeandika ALAM ameifuta hata mifano ya Hadithi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja. Katika maandishi ya matamshi, andika majina ya herufi kwa ukamilifu, yakiwa yametengana. Katika tafsiri, andika majina hayo hayo, usiyatafsiri, usiyafupishe, usiyaruke. Ukiwa na la kueleza, liweke chini kwenye maelezo.

Nianze na kufupisha, maana "A. L. M." na "Y. S." zimezagaa. Mtu wa Nairobi akiona "Y. S." anasoma nini? Tuseme ukweli. Anasoma "wai es", kama jina la kampuni ya mabasi. Na hata akiyasoma kwa Kiswahili, zile nukta zinamwambia kwamba nyuma yake kuna maneno marefu yaliyofupishwa. Huo tayari ni upande mmoja wa mjadala. Wapo waliosema ni vifupisho, ndiyo. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Alif Lam Mim ni "Ana Allahu a'lam", yaani "Mimi ni Allah, najua zaidi". Lakini wapo waliosema ni majina ya sura, wapo waliosema ni kiapo, na wapo waliosema ni siri ya Mwenyezi Mungu na kunyamaza ndiyo elimu. Zamakhshari akaona ni changamoto kwa Waarabu: Kitabu hiki kimeundwa kwa herufi zenu wenyewe, basi leteni mfano wake. Ibn Kathir naye akaipa nguvu rai hiyo kwa kuonyesha kwamba baada ya herufi hizi aghalabu hutajwa Kitabu au Qurani. Mimi moyo wangu unaelekea huko, ingawa Maryam, Al-Ankabut na Ar-Rum hazifuati mkondo huo mara baada ya herufi. Wewe unaweza kuelekea kwingine. Mfasiri naye ana haki ya kuelekea kwake, ila aelekee chini ya ukurasa. Akiweka "Mimi ni Mwenyezi Mungu, Mjuzi" juu kwenye aya, bibi anayesoma tarjuma peke yake nyumbani ataapa kwamba ndivyo ilivyoteremka.

Kwa Yasini na Taha nalegeza kidogo, kwa shingo upande. Zimepokewa rai kwamba ni miito, "ewe mtu", na watu wetu wamewaita watoto wao Yasini na Twaha vizazi na vizazi. Sawa. Mwite mtoto. Kwenye tarjuma andika Ya Sin.

Wanaoziruka kabisa sina mengi nao. Kwa hesabu ya aya ya wasomaji wa mji wa Kufa, ambayo ndiyo iliyo katika misahafu yetu mingi, Alif Lam Mim ni aya ya kwanza ya Al-Baqara na bila hiyo zile 286 hazitimii.

Turudi kwenye matamshi, kwa sababu hapa ndipo vijitabu vyetu vinapoumiza hata vikiwa na nia nzuri. Vingi vimenakiliwa kutoka kwa wenzetu wa Bara Hindi na Uingereza, wenye kuandika "Ya Seen", "Meem", "Noon". Kwao "ee" ni "i" ndefu na "oo" ni "u" ndefu. Mpe Mswahili asome "Ya Seen" atakusomea "ya se-en". "Noon" atakuambia "no-on". Jamani, tuna lugha yenye irabu tano safi, kila moja na sauti yake, tunakwenda kuazima tahajia ambayo hata wenyewe inawachanganya! Andika Sin, Mim, Nun. Yametosha.

Urefu je? Hapa kuna kazi kidogo. Chukua mwanzo wa Maryam, wenye herufi tano. Kijitabu changu kimeandika "Kaaf Haa Yaa Aaayn Swaad", na msomaji asiyefunzwa atavuta zote sawasawa, isipokuwa Ain ambayo ataivuta pasipovutwa. Katika tajwidi hazilingani. Kaf na Swad huvutwa harakati sita, yaani vipimo sita vya urefu wa sauti, kwa kuwa majina yake yana herufi tatu na ya katikati ni ya madda. Ha na Ya ni harakati mbili tu. Ain ina nne au sita, zote zimeruhusiwa, na kinachovutwa ni ile "yi" laini ya katikati, si "a" ya mwanzo. Kisha nuni iliyo mwishoni mwa Ain inafichwa puani kabla ya Swad. Huwezi kuyaonyesha haya kwa kurundika irabu. Ningeandika "Kaf Ha Ya Ain Swad" kwa unyoofu, na juu ya kila jina tarakimu ndogo ya harakati: 6, 2, 2, 4 au 6, 6. Mstari mmoja wa maelezo mwanzoni mwa kijitabu unatosha kusema harakati ni nini. Lam na Mim za Al-Baqara zote ni sita, na mimu ya mwisho wa Lam inaingia katika Mim kwa ghuna, ile sauti ya puani. Alif peke yake haivutwi. Yasini nayo ni mbili kisha sita, na kwa kisomo cha Hafs tulichokizoea nuni inadhihirika kabla ya "wal Qurani". Anayesoma "Yasiwwal" kwa haraka ya hitima amsikilize tena maalim wake.

Nakubali kwamba hakuna karatasi ya Kirumi itakayomfundisha mtu haya yote, na kwamba masheikh wanaovichukia vijitabu hivi wana hoja. Lakini yule kijana wa Pumwani alitaka kusoma leo, marehemu akiwa amezikwa jana. Mnataka akae kimya mpaka amalize alifu mpaka yee?

Kisha kuna tatizo letu wenyewe, si la kuazima. Kiswahili kina H moja, na Kiarabu kina mbili. Ha ya Taha na ya Maryam ni nyepesi, ya pumzi. Ha ya Ha Mim, inayofungua sura saba mfululizo kuanzia Ghafir, inatoka katikati ya koo. Tukiziandika sawa, asiyejua Kiarabu hana njia ya kutofautisha. Wengine huweka nukta chini ya H, na mimi naunga mkono, mradi waieleze. Ash-Shura nayo inaanza na aya mbili za herufi, Ha Mim kisha Ain Sin Qaf, na nimeiona ikiandikwa kwa pamoja "Hamim Asak". Asak ni nani?

Na Q, tafadhali. Najua tumezoea "Kurani" na "kadhi", na katika gazeti sina ugomvi. Lakini Qaf ya sura ya 50 ukiiandika Kaf umeifanya herufi ya mwanzo ya Maryam. Andikeni Qaf kwa Q, hata kama neno Kurani kwenye jalada mmeliandika kwa K.