Namba ya mlinganyo ikae kwenye jedwali, Tab tuiache

Ripoti za uvuvi zinazoandikwa hapa Kigoma hazina milinganyo mingi, lakini mmoja haukosi: ule wa hali ya samaki. Unachukua uzito kwa gramu, unazidisha kwa 100, unagawanya kwa urefu wa sentimita uliopigwa kipeo cha tatu. Tuseme mgebuka ana sentimita 25 na gramu 125, basi K yake ni 0.8. Hesabu haimsumbui mtu. Kazi iko kwenye kuupanga huo mlinganyo ndani ya Word, ukae katikati, na namba (1) ikae pembeni kulia.

Wengi wetu tumefundishwa kutumia Tab. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo ya 4 kushoto na 2.5 kulia, maandishi yanabaki na sentimita 14.5. Kwa hiyo unaweka kituo cha katikati kwenye 7.25 na cha kulia kwenye 14.5, unabonyeza Tab, mlinganyo, Tab, namba. Kwa macho ya haraka umemaliza.

Sasa utazame ule mlinganyo vizuri. 100W na L³ zimekuwa ndogo kuliko maandishi ya aya iliyo juu yake. Word huuonyesha mlinganyo kwa ukubwa wake kamili, hali inayoitwa `Display`, pale tu unapokuwa peke yake kwenye aya. Ukiongeza chochote kwenye aya hiyo, hata Tab moja, unageuka kuwa `Inline` na sehemu zake zinabanwa. Ukilazimisha `Change to Display`, unakimbilia mstari wake wenyewe na namba inaachwa nyuma. Tena siku msimamizi akisema punguza pambizo ya kushoto, vituo havisogei. Namba zote zinabaki zinaning'inia kabla ya ukingo. Sioni kwa nini tuendelee kuitetea njia hii.

Jedwali lisilo na mistari halina shida hiyo, kwa sababu ndani ya seli mlinganyo unakuwa peke yake. Weka mstari mmoja wenye safu tatu: sentimita 1.5, 11.5 na 1.5. Safu ya kushoto haina kitu, lakini usiifute. Bila hiyo mlinganyo unasogea kushoto na hauko tena katikati ya ukurasa. Mlinganyo uingie safu ya kati, namba iingie ya kulia ikiwa imesukumwa kulia na kushushwa katikati ya kimo cha seli. Word huacha sentimita 0.19 kushoto na kulia ndani ya seli. Ifanye sifuri, la sivyo namba haitafika ukingoni. Halafu nafasi ya mistari ndani ya jedwali iwe `Single`, na pointi 6 juu na chini, maana jedwali hurithi ile 1.5 ya ripoti nzima.

Fomula zilizo katikati ya sentensi zina balaa lake. Ukiandika K kama sehemu yenye kiasi juu na asili chini, mstari huo mmoja unavimba, na ile 1.5 inazidisha huo uvimbe. Mtu anakimbilia `Exactly` pointi 18. Kweli mistari inalingana, ila sasa kitu kirefu kinakatwa kichwa au kinagusa mstari wa juu. Afadhali uilaze fomula: K = 100W/L³. Hata ule mlinganyo wa ukuaji wenye kipeo kilichobeba herufi ndogo chini yake, uandike exp(−k(t − t₀)) na mstari utatulia.

Kuna wakati pengo linatokea na fomula imeshalazwa. Hapo bonyeza `Ctrl+Shift+8` uone alama zilizofichwa, kisha uangalie nafasi tupu na alama ya mwisho wa aya ziko kwenye fonti gani. Mara nyingi utakuta `Cambria Math` imevuja nje ya mlinganyo. Fonti hiyo ikitumika kama maandishi ya kawaida, ina kimo kikubwa mno, hata kama herufi haionekani. Rudisha fonti ya ripoti na pengo linafunga.

Namba yenyewe usiiandike kwa mkono. Kwenye seli ya kulia fungua mabano, bonyeza `Ctrl+F9`, na kati ya vibano vitakavyotokea andika:

```
SEQ mlinganyo
```

Bonyeza `F9` ili namba itokee, funga mabano, chagua (1) yote, uipe `Bookmark` yenye jina lisilo na nafasi, mfano `hali_samaki`. Unapoutaja mlinganyo kwenye maelezo, tumia `REF hali_samaki` kwa njia ileile, na `F9` yake. Ukija kuongeza mlinganyo mwingine kabla yake, `Ctrl+A` kisha `F9`, na (1) inakuwa (2) kwenye seli na kila ulipoutaja.