Miss, Mrs au Ms: mimi naacha wazi

Huku Uingereza karibu hakuna anayeniita kwa neno la heshima. Bosi wangu ananiita kwa jina langu la kwanza, nami namwita hivyohivyo, na kwa daktari ni vilevile. Lakini nikitaka kulipia umeme, kufungua akaunti ya benki au kukata tiketi, kitu cha kwanza fomu inachotaka, hata kabla ya jina, ni `Title`, yaani neno hilo la heshima. Nisipochagua, kitufe cha kuendelea hakifunguki.

Nyumbani Tanzania mambo yako kinyume. Mdomoni heshima haikosi: dada, shangazi, mama fulani, bibi, kila mtu na nafasi yake. Ila barua ya ofisini ikija, mwanamke yeyote ni Bi., awe ameolewa au hajaolewa, na mara nyingi wote wawili, mwanamke na mwanaume, huandikwa Ndg. tu. Ofisi ikihitaji kujua habari za ndoa, inauliza waziwazi kwenye mstari wa hali ya ndoa, na mwanaume naye anaujaza. Huo ndio utaratibu ninaouona wa haki: swali linajulikana ni swali, na linaulizwa kwa wote.

Fomu ya Kiingereza inauliza jambo hilohilo kwa kificho. Mwanaume anachagua `Mr` akiwa kijana na kufa nayo. Mwanamke anawekewa `Miss` ya asiyeolewa, `Mrs` ya aliyeolewa na `Ms`, na lolote analochagua linasema kitu juu yake. `Ms` ilikusudiwa kuziba pengo hilo, iwe ya mwanamke yeyote bila kutaja ndoa. Gazeti moja la Springfield, Massachusetts, lilipendekeza neno hilo mwaka 1901, lakini likakaa miaka mingi bila kushika, mpaka vuguvugu la wanawake wa Marekani lilipolibeba, na mwaka 1972 ofisi ya uchapaji ya serikali ya nchi hiyo ikalikubali katika nyaraka zake. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi iliondoa `Fräulein`, ambayo ndiyo `Miss` yao, kwenye lugha ya ofisi za serikali, wanawake wote wakawa `Frau`. Ufaransa ilifuata mwaka 2012, waziri mkuu alipoagiza `Mademoiselle`, yaani `Miss` ya Kifaransa, itolewe kwenye fomu za serikali. Angalia tofauti: wenzao walipunguza maneno yakabaki moja, ila kwenye Kiingereza neno jipya liliongezwa juu ya yale mawili ya zamani. Ndiyo maana `Ms` nayo imegeuka kuwa jibu. Wapo wanaoisoma kama mwanamke aliyeachika, au mwanamke mwenye msimamo mkali, wakati aliyeichagua alitaka tu asiulizwe.

Kwetu sisi kuna tatizo jingine ambalo Waingereza wengi hawalifahamu. `Mrs` imejengwa juu ya desturi ya mke kuchukua jina la ukoo la mumewe. Mimi, kama wanawake wengi wa kwetu, nina jina langu, la baba na la babu, na ndoa haikuligusa hata moja. Jina langu la mwisho ni la babu mzaa baba. Kwa hiyo barua ikiandikwa `Mrs` ikifuatiwa na jina hilo, kwa masikio yangu imeniandika mke wa babu yangu. Nikichagua `Miss` nimekana ndoa yangu. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili linalonieleza mimi, na sioni kwa nini kampuni ya umeme inilazimishe nichague uongo mmojawapo.

Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi sioni hivyo, kwa sababu siku hizi neno hilo halisomwi na binadamu tu, linasomwa na mashine ambayo inalitumia kukisia mengine. Tarehe 21 Julai 2020 ndege ya abiria iliruka kutoka Birmingham kwenda Palma, Uhispania. Programu ya kuandikisha abiria ilikuwa imetengenezwa katika nchi ambako `Miss` ni binti mdogo na mwanamke mzima ni `Ms`. Kwa hiyo wanawake wazima 38 waliojiandikisha kama `Miss` wakahesabiwa kuwa watoto. Mtoto hukadiriwa kilo 35, mwanamke mzima kilo 69. Karatasi ya mzigo aliyopewa rubani ikapungukiwa zaidi ya kilo 1,200, na ni kwa uzito huo marubani hupanga nguvu ya injini na mwendo wa kurukia. Wachunguzi wa ajali za ndege wa Uingereza walieleza katika ripoti yao ya 2021 kwamba tofauti ya nguvu ilikuwa ndogo na usalama haukuathirika. Nashukuru kwa hilo. Ila kosa lenyewe lilizaliwa hapohapo kwenye ile orodha: fomu iliuliza heshima, mashine ikasoma umri.

Hata cheo cha kazi hakikuokoi. Mwaka 2015 huko Cambridge, daktari mmoja mwanamke alishindwa kufungua mlango wa chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo kwenye jimu, kwa sababu mfumo ulimweka kila mwenye `Dr` upande wa wanaume.

Ndugu zangu wanaosafiri huniuliza sana kuhusu tiketi, kwa hiyo niseme hapa. Mifumo mingi ya mashirika ya ndege hubandika neno hilo nyuma ya jina la kwanza bila nafasi, hivyo kwenye pasi ya kupandia ndege unaweza kukuta `FATUMAMRS` wakati pasipoti inasema `FATUMA`. Usishtuke, wafanyakazi wa uwanjani wanaijua. Ukurasa wa picha wa pasipoti ya kawaida hauna `Miss` wala `Mrs`, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Kinachotakiwa kulingana ni majina yenyewe, herufi kwa herufi. Kwa upande wa sheria, Uingereza haimlazimishi mtu kuwa na neno la heshima, wala haijaweka sheria ya nani aitwe `Mrs`. Ukiambiwa kwa simu kwamba lazima, lazima hiyo ni ya programu yao. Mwambie anayekuhudumia aache wazi. Mara nyingi yeye anaweza, hata kama wewe kwenye skrini yako huwezi.

Sitaki kumnyang'anya mtu `Mrs` yake. Namfahamu mama mmoja mjane ambaye barua ya `Ms` ilimuumiza sana, akaona kama wamemfuta mumewe. Alipiga simu wakamrudishia, na alikuwa na haki. Kwake neno hilo ni ndoa ya maisha yake yote, na huo ndio ushahidi kwamba jibu lazima litoke kwa mwenyewe.

Cha kutia moyo ni kwamba serikali ya Uingereza yenyewe, katika mwongozo wake kwa wanaotengeneza huduma za mtandaoni, inawaambia waepuke kuuliza `Title`, kwa kuwa inamlazimisha mtu kufichua jinsia na ndoa yake. Ikibidi kuuliza, iwe sehemu ya hiari ambayo mtu anaandika mwenyewe, isiwe orodha ya kuchagua. Kampuni nyingi binafsi bado hazijafika huko.

Kinachonikera ni kuona fomu za mtandaoni za nyumbani, za maombi ya kazi na semina, zikija na orodha ileile ya `Mr`, `Mrs`, `Miss`, tena yenye kinyota chekundu cha lazima. Tulikuwa na Ndg. iliyotutosha sote. Wewe unayetengeneza fomu hizo, ondoa hicho kinyota leo. Ukihitaji hali ya ndoa, iulize kwenye mstari wake, na umuulize mwanaume pia.