Bajeti ya matangazo ikiongezwa mara mbili, hesabu bei ya matokeo ya nyongeza

Tangazo likifanya vizuri kwa wiki moja, wengi hukimbilia kuongeza bajeti mara mbili. Dola 20 kwa siku zilileta oda 10, basi dola 40 zitaleta 20. Siku tatu baadaye oda ni 12 kwa siku, bei ya kila oda imepanda kutoka dola 2 hadi dola 3.33, na lawama zinakwenda kwa jukwaa la matangazo. Kwa maoni yangu, kosa liko kwenye hesabu ya mwanzo. Dola 20 za pili hazinunui watu wale wale walionunuliwa na dola 20 za kwanza.

Kwenye Facebook na Instagram, kila nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada. Mfumo hukadiria uwezekano wa kila mtu kufanya kile unachokitaka, tuseme kununua, kisha hutafuta matokeo ya bei nafuu kadiri bajeti inavyoruhusu. Bajeti ikiwa ndogo, mfumo unaweza kuchagua: unawachukua walio karibu kununua na kuziacha nafasi za bei ghali zipite. Ukiiongeza, unalazimika kushuka kwa watu wenye nia ndogo zaidi, au kushinda minada ambayo jana uliiacha. Kupanda huku kwa bei ni kwa kawaida, na hakuna ufundi wa kuondoa kabisa kupanda huko. Hata anayeongeza polepole atakutana nako.

Kinachoweza kuepukwa ni hasara mbili zinazoletwa na haraka yenyewe.

Ya kwanza inahusu mwendo wa matumizi ndani ya siku. Mfumo hujaribu kuieneza bajeti ya siku hadi saa sita usiku, kwa saa za akaunti yako ya matangazo. Chukua bajeti ya dola 20 ambayo kufikia saa kumi na mbili jioni imebakiza dola 5. Ukiipandisha hadi 40 saa hiyo, sasa kuna dola 25 za kutumika katika saa sita zilizobaki, yaani kasi mara tano ya ile iliyokuwapo dakika moja kabla. Ili kuikimbiza fedha hiyo, mfumo unaingia minada ghali bila kuchagua sana. Ndiyo maana badiliko lolote la bajeti lifanywe mwanzoni mwa siku ya akaunti, au liratibiwe lianze saa hiyo. Na hakikisha unajua akaunti iko kwenye saa za eneo gani, kwa sababu huenda si za mahali ulipo.

Hasara ya pili ni kipindi cha kujifunza, yaani muda ambao mfumo bado unatafuta nani wa kumwonyesha tangazo. Meta husema seti ya matangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja baada ya badiliko kubwa la mwisho ili utendaji wake utulie. Badiliko dogo la bajeti haliisumbui seti, lakini badiliko kubwa linaweza kuirudisha mwanzo. Utaliona kwenye safu ya Delivery, ambapo neno Learning hurejea. Katika kipindi hicho matokeo huyumba na bei huwa juu. Asilimia 20 kwa hatua, kiwango kinachotajwa sana na wanaofanya kazi hii, ni desturi ya watendaji tu na si sheria ya jukwaa. Mimi naipendelea kwa sababu nyingine: hatua ndogo hukuonyesha bei ya kila kipande cha nyongeza.

Tuifanye hesabu kwa wiki nzima nzima, tukichukulia kwamba kila oda inakuachia faida ya dola 4.50 kabla ya kulipia tangazo. Kwa dola 20 kwa siku, wiki inagharimu dola 140 na inaleta oda 70. Unapanda hadi 24: dola 168, oda 81. Nyongeza ya dola 28 imeleta oda 11, kila moja kwa dola 2.55. Unapanda hadi 29: dola 203, oda 92, na oda za nyongeza sasa zimegharimu dola 3.18 kila moja. Hadi 35: dola 245, oda 102, nyongeza ni dola 4.20. Hadi 42: dola 294, oda 111. Wastani wa wiki hiyo ya mwisho ni dola 2.65 kwa oda, namba ambayo kwenye ripoti inapendeza. Lakini oda 9 za mwisho zimenunuliwa kwa dola 49, yaani dola 5.44 kila moja, na kila moja imekula karibu dola moja ya faida iliyoletwa na zilizotangulia. Mahali pa kusimama palikuwa 35. Wastani usingekuambia hivyo kamwe, maana oda za bei nafuu za mwanzo huficha zile ghali.

Hapa panahitajika uangalifu. Oda 70 kwa wiki zinaweza kupanda au kushuka kwa 8 hivi kwa bahati tu, kwa hiyo tofauti ya 11 kati ya hatua moja na nyingine si ushahidi mzito. Akaunti ndogo ilinganishe hatua mbili kwa pamoja. Kutoka 20 hadi 29, nyongeza ya dola 63 ilileta oda 22, wastani wa dola 2.86. Kutoka 29 hadi 42, dola 91 zilileta oda 19, wastani wa dola 4.79. Mwelekeo huo unaaminika zaidi. Pia usihukumu hatua baada ya siku moja au mbili. Mtu anaweza kubofya leo akanunua baada ya siku nne, hivyo siku za karibuni huonekana ghali kuliko zitakavyokuwa zikikamilika. Anayepata mamia ya oda kwa siku anaweza kupanda kila baada ya siku tatu au nne. Mwenye oda 10 asubiri siku saba.

Bei ikipanda kupita ulivyotarajia, angalia imepandia wapi kabla ya kugusa chochote. Gharama ya maonyesho elfu ikiwa imepanda huku kiwango cha kubofya kikibaki vile vile, unalipa zaidi mnadani, na huenda uliharakisha mno au washindani wameongezeka. Kiwango cha kubofya kikishuka huku idadi ya mara ambazo mtu mmoja anaonyeshwa tangazo ikipanda, hadhira imechoka: panua walengwa au leta video mpya, kwa sababu fedha zaidi zitazidisha uchovu. Mibofyo ikibaki bei ile ile lakini wanunuzi wakapungua, ama umewafikia wenye nia ndogo, ama ukurasa wa mauzo una tatizo. Ufungue kwenye simu ujaribu kununua.

Na kama tayari umeongeza mara mbili? Usishushe leo kisha ukapandisha tena kesho. Kila badiliko kubwa linaweza kuanzisha upya kujifunza, na mwisho hutajua kilichosababisha nini. Kama hasara inabebeka, iache wiki itimie. Kama haibebeki, rudi kwenye bajeti ya zamani mara moja tu, subiri itulie, kisha anza hatua za asilimia 20 ukiwa na kikomo cha bei ya nyongeza kilichoandikwa tayari.